Nani Ataisikia Sauti Hii?

Mama lishe akifuatwa na mwanafunzi mwenye daftari, swali lake la kwanza mara nyingi ni fupi: umetumwa na nani? Swali hilo haliishi kwa kujibiwa "natoka chuoni" na kupewa karatasi asaini. Anayeuliza hivyo anapima jambo zito. Pengine ana mkopo ambao mumewe haujui. Pengine wiki iliyopita walikuja vijana wengine wenye madaftari, wakabeba jiko na masufuria yake kwa sababu rejesho limechelewa. Anataka kujua maneno yake yakitoka pale yatafika wapi, na kama siku moja yanaweza kumrudia.

Wanafunzi wengi wa mwaka wa tatu wanaichukulia ridhaa kama karatasi tu. Fomu hunakiliwa kutoka tasnifu ya aliyetangulia, hubadilishwa kichwa cha utafiti, huambatishwa nyuma ya pendekezo. Uwandani husomwa harakaharaka, husainiwa, usaili ukaanza. Ndani ya fomu hiyo mna sentensi ambayo kila mtu huiandika bila kuifikiria: "Taarifa zako zitakuwa siri." Aliyeiandika hajajiuliza simu yake hupeleka wapi faili za sauti kila inapounganishwa na intaneti, wala ni nani atakayemsaidia kunukuu saa 15 za mazungumzo wakati tarehe ya kukabidhi tasnifu imekaribia. Naona fomu nzuri huandikwa kuanzia mwisho. Mtafiti afuatilie kwanza safari yote ya sauti ile, toka kwenye simu hadi kwenye rafu ya maktaba ya chuo, ndipo aandike ahadi anazoweza kuzitimiza.

Msimamo kwamba mtu hafanyiwi utafiti mpaka akubali kwa hiari yake uliwekwa wazi katika Kanuni za Nuremberg mwaka 1947, baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi waliofanya majaribio ya kikatili kwa wafungwa. Huko hatari ilikuwa kwenye sindano na kwenye visu. Katika usaili hakuna kinachogusa mwili, na ndiyo maana mwanafunzi wa sosholojia au historia huona kwamba mambo ya ridhaa ni ya watu wa tiba. Lakini maneno yaliyorekodiwa yana madhara yake, na kisa kinachoonyesha hilo kuliko vyote nivijuavyo kilitokea katika chuo kikubwa chenye wanasheria wake.

Kati ya mwaka 2001 na 2006, Chuo cha Boston nchini Marekani kilidhamini mradi wa kukusanya historia ya mapigano ya Ireland ya Kaskazini kutoka vinywani mwa waliopigana. Waliohojiwa walikuwa wapiganaji wa zamani wa pande zote mbili, na walisimulia mambo ambayo hawakuwahi kuyasema hadharani. Waliahidiwa kwamba kanda zao hazitatolewa kwa mtu yeyote mpaka wafe, isipokuwa wenyewe waruhusu. Mkataba kati ya chuo na kiongozi wa mradi ulikuwa na maneno machache ya tahadhari, kwamba usiri utalindwa kwa kadiri sheria ya Marekani inavyoruhusu. Fomu waliyosaini waliohojiwa haikuwa na maneno hayo.

Mwaka 2010 kilitoka kitabu kilichotumia kanda za watu wawili waliokwisha kufariki, na dunia ikajua kwamba kanda zipo. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani, kwa ombi la Uingereza, ilidai kanda zinazohusu mauaji ya Jean McConville, mama wa watoto kumi aliyetekwa Belfast mwaka 1972. Shauri lilikwenda mpaka mahakama ya rufaa, na mwaka 2013 iliamuliwa kwamba mahojiano 11 yakabidhiwe. Mwaka 2014 polisi walianza kukamata watu. Familia ya McConville ilikuwa na haki ya kutafuta ukweli wa mama yao, na sioni kosa kwa polisi kuutafuta. Kosa lilikuwa kwenye fomu. Waliohojiwa walikubali kusema kwa sababu waliambiwa jambo ambalo aliyewaambia hakuwa na uwezo wa kulitimiza, na aliyeandika mkataba wa ndani alilijua.

Turudi sokoni. Tumchukulie mwanafunzi wa shahada ya kwanza, binti, anayetaka kujua jinsi mama lishe wa soko moja la mjini wanavyolipa mikopo ya riba kubwa ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Amepanga kuwahoji wanawake 15, kila mmoja kwa muda wa saa moja hivi. Mada hii haihusu ugonjwa wala jinai, na kamati ya maadili ya chuo inaweza kuipitisha bila maswali mengi. Hata hivyo imejaa mambo ya kumwaibisha mtu mbele ya mumewe na kumharibia kwa anayemkopesha.

Kabla ya ridhaa kuna vibali. Tanzania, mwanafunzi hupewa na chuo barua ya kumtambulisha, naye huipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani au halmashauri, akashuka kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa na uongozi wa soko. Kila ofisi huongeza barua yake au muhuri. Mtafiti kutoka nje ya nchi huanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti unaohusu afya hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kenya, kibali cha taifa hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Safari hii huchosha, na anayeimaliza akiwa na barua nne mkononi hujiona ameruhusiwa. Ameruhusiwa kuingia sokoni. Hakuna ofisi kati ya hizo yenye uwezo wa kukubali kwa niaba ya mwanamke aliyekaa nyuma ya meko.

Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi, na huharibika kwa wema. Mwenyekiti wa soko, mtu mkarimu, anamwambia mwanafunzi asijali, kisha anatembea naye meza kwa meza: "Mama fulani, huyu mgeni wetu kaja kutoka chuo, msaidie." Ni nani atakayemkatalia mtu anayepanga nani akae wapi na nani alipe ushuru lini? Ukiwaona wote 15 wamekubali siku moja bila hata mmoja kuuliza swali, shuku. Njia ninayoiona salama ni kumwomba mwenyekiti amtangaze mwanafunzi mara moja tu mbele ya wote, aseme kwamba anayetaka atazungumza naye na asiyetaka basi, halafu asijulishwe nani alizungumza. Mwanafunzi naye apite mezani kwa wote, anunue chai, asalimie, aache namba yake, ili anayepita nje asiweze kujua ni meza ipi imekubali. Mazungumzo yenyewe yafanyike jioni baada ya vyombo kuoshwa, au mahali atakapochagua mama mwenyewe.

Kisha kuna dhana kwamba mwanafunzi kaleta msaada. Ukienda sokoni na kuuliza watu habari za mikopo, habari itazunguka kabla hujafika meza ya tatu kwamba kuna mradi unakuja na orodha inaandikwa. Mtu anayekubali kwa kutumaini mkopo wa riba nafuu hajakubali utafiti wako. Amekubali kitu kingine ambacho hakipo. Kwa hiyo sentensi "hakuna mkopo wala msaada utakaotokana na mazungumzo haya" lazima iwe mapema kwenye maelezo, itamkwe wazi, hata kama baadhi watainuka na kuondoka. Tofauti na hiyo ni fidia ya muda. Mama lishe aliyekaa nawe saa moja kaacha wateja au usingizi, na sioni ubaya wa kumpa kiasi kidogo, tuseme shilingi 5,000, iwapo chuo kimekubali. Masharti ni kwamba kiasi kitajwe tangu mwanzo, kiwe sawa kwa wote, na apewe hata akiishia swali la pili.

Suala la saini lina utata wake. Wengi wanadhani bila saini hakuna ridhaa. Mama asiyesoma huweka dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua yeye, asiwe mtu wa ofisi ya soko. Lakini katika utafiti kama huu, fomu iliyosainiwa inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee yenye jina lake. Kila kitu kingine kina namba tu. Anayetaka kujua nani alisema nini ataanzia kwenye bahasha hiyo. Kanuni za utafiti za Marekani zenyewe zinaruhusu kamati kuondoa sharti la saini pale ambapo fomu ndiyo kiungo pekee cha kumtambua mtu na hatari kubwa ni siri kuvuja. Mwanafunzi wa hapa naye anaweza kuiomba kamati yake, kwenye pendekezo la utafiti, imruhusu kupokea ridhaa ya mdomo: anasoma maelezo, mama anajibu, na mwanafunzi anasaini mwenyewe kuthibitisha tarehe na namba ya mshiriki. Aombe kabla hajaenda uwandani. Akiamua peke yake akiwa sokoni, msimamizi atakuwa na haki ya kumrudisha.

Sasa simu. Kukubali kuzungumza ni jambo moja na kukubali kurekodiwa ni jingine, na anayekubali la kwanza akakataa la pili ahojiwe kwa kuandika. Kabla ya kwenda, mwanafunzi azime mpangilio wa simu unaopandisha faili mtandaoni zenyewe, na wakati wa usaili aiweke katika hali ya ndege. Mwanzoni mwa kurekodi atamke namba, kwa mfano "mshiriki wa saba", asitamke jina. Jioni ileile ahamishie faili kwenye kompyuta yenye nywila, ahakikishe linafunguka, kisha alifute kwenye simu. Orodha inayooanisha namba na majina, kama ipo, iandikwe kwenye karatasi na ikae nyumbani, mbali na kompyuta. Uvujaji ninaouhofia zaidi ni wa urafiki: faili la sauti kutumwa kwa WhatsApp kwa mwenzako wa bwenini ili akusaidie kunukuu. Sauti ya mtu ni utambulisho wake, na mwenzako huyo anaweza kuwa ametoka mtaa uleule. Kama utahitaji msaidizi, mtaje kwenye maelezo ya ridhaa na umsainishe ahadi ya siri. Hili si suala la adabu tu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Jina likishafichwa, bado mtu anaweza kutambulika. Tasnifu ikisema "mama mwenye watoto sita anayeuza supu ya pweza karibu na lango la kaskazini", soko zima litajua ni nani, na afisa mikopo atakuwa wa kwanza. Mgeni wa Mwanza hatamjua, lakini hatari haitoki kwa mgeni wa Mwanza. Kipimo changu ni hiki: je, mume wake, akisoma ukurasa huu, angemjua? Kama ndiyo, badilisha biashara, punguza watoto, ondoa lango, na useme katika sura ya mbinu kwamba baadhi ya maelezo yamebadilishwa ili kulinda washiriki.

Halafu kuna yale yasiyoweza kufichwa, ambayo Boston waliyaacha nje ya fomu. Mama anaweza kusema, katikati ya habari za rejesho la kila siku, kwamba binti yake wa miaka 13 ametolewa shule na kupelekwa kwa mkopeshaji "kusaidia kazi". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inampa kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Mwanafunzi aliyeahidi siri isiyo na mpaka amejifunga mwenyewe: akinyamaza amemwacha mtoto, akisema amevunja ahadi. Aliyetaja mpaka tangu mwanzo ana njia. Anasimamisha kurekodi, anamkumbusha mama walichokubaliana, anampigia msimamizi wake siku hiyohiyo, na hafanyi lolote kisirisiri.

Maelezo yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya utafiti huo wa sokoni, yasomwe kwa sauti na polepole, kisha mama aachiwe nakala yenye namba za simu. Anayetaka kuyatumia abadilishe kila kitu kisicho cha kweli kwake, hasa sehemu za simu, msaidizi na tarehe.

MAELEZO YA RIDHAA

Shikamoo mama. Naitwa ________, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Chuo ________. Sikutumwa na serikali, benki, wala kampuni yoyote ya mikopo. Ninafanya utafiti wa masomo yangu kuhusu jinsi mama lishe wanavyopata na kulipa mikopo.

Nikikuomba tuzungumze, itatuchukua kama saa moja. Nitakuuliza kuhusu biashara yako, mikopo uliyowahi kuchukua, na shida ulizopata katika kulipa. Baadhi ya maswali yanaweza kukugusa. Swali usilolipenda, niambie "tuliruke", wala sitauliza kwa nini.

Hakuna mkopo wala msaada utakaotokana na mazungumzo haya, kwako au kwa soko. Kwa ajili ya muda wako nitakupa shilingi ________. Utapewa hata ukiamua kuishia katikati.

Ningependa kurekodi sauti kwa simu ili nisikosee maneno yako. Ukikataa, nitaandika tu. Sauti itasikilizwa na mimi na ________ anayenisaidia kuandika, naye ameahidi kwa maandishi kutunza siri. Msimamizi wangu atasoma maandishi yasiyo na jina lako. Sauti nitaifuta ifikapo tarehe ________.

Jina lako halitaandikwa popote kwenye tasnifu, na nitabadilisha mambo yanayoweza kukutambulisha. Tasnifu itawekwa maktaba ya chuo na mtu yeyote anaweza kuisoma. Baadhi ya maneno yako yanaweza kunukuliwa humo.

Yapo mambo mawili ambayo siwezi kuyaahidi. Nikisikia kwamba mtoto anaumizwa au yumo hatarini, itanibidi nitoe taarifa, na nitakwambia kwanza. Pia mahakama ikiniamuru kutoa nilichonacho, sitaweza kukataa.

Kukubali au kukataa ni hiari yako. Uongozi wa soko hautaambiwa umeamua nini. Ukikubali leo ukabadili mawazo, nipigie kabla ya tarehe ________ nami nitafuta kila kitu chako. Baada ya tarehe hiyo tasnifu itakuwa imekwishakabidhiwa.

Namba yangu ni ________. Ukiwa na malalamiko dhidi yangu, mpigie msimamizi wangu ________ au kamati ya maadili ya chuo ________.

Una swali lolote?
Unakubali tuzungumze? Ndiyo / Hapana
Unakubali nirekodi sauti? Ndiyo / Hapana
Unakubali ninukuu maneno yako bila jina? Ndiyo / Hapana

Namba ya mshiriki ________ Tarehe ________
Saini au dole gumba la mshiriki (au: ridhaa ya mdomo imepokelewa) ________
Saini ya mtafiti ________

Mwisho wa maelezo.

Baada ya kusoma hayo, "umeelewa?" ni swali la bure, kwa kuwa kila mtu hujibu "ndiyo, mwanangu". Muulize badala yake: "Mama, jirani yako akikuuliza mimi nimefuata nini hapa, utamjibuje?" Akisema "utatupelekea majina yetu kwa wanaotoa mikopo", maelezo hayajafika, na usaili usianze mpaka umeyarudia kwa maneno mengine. Muulize tena: "Na ukichoka katikati, utafanyaje?" Anayejibu "nitavumilia tu" bado hajaamini kwamba anaweza kuondoka. Maswali haya mawili hayamalizi dakika tatu.

Kukubali kwenyewe si kwa mara moja. Mama anaposema kwa sauti ya chini, "hili lakini usiliandike", sentensi hiyo inashinda alama ya ndiyo aliyoiweka kwenye fomu dakika 20 kabla. Simamisha kurekodi, muulize ni kuanzia wapi, na sehemu hiyo uifute mkiwa wote wawili. Akianza kujibu kwa neno mojamoja, au akiangalia mlango kila anapopita mtu, mpe nafasi ya kuacha bila kumlazimisha ajieleze: "Tunaweza kuishia hapa, mama, ulichonipa kinatosha." Na wakihojiwa wenye umri chini ya miaka 18, inatakiwa ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akasema hapana, hakuna usaili.

Tarehe ya mwisho ya kujitoa wanafunzi wengi huisahau, au huandika kwamba mshiriki anaweza kujitoa "wakati wowote", jambo lisilowezekana tasnifu ikishajaladiwa. Weka tarehe ya kweli, angalau wiki mbili baada ya usaili na kabla hujaanza kuandika sura ya matokeo. Kisha simu inaweza kulia. Mshiriki wa saba anasema mumewe ameuliza alikuwa na nani jioni ile, na anaomba yafutwe. Usimuulize sababu zaidi, wala usimwombe abakize "zile sehemu nzuri tu". Futa faili la sauti kwenye kompyuta na kwenye nakala ya akiba, futa unukuzi, kata mstari wake kwenye orodha ya majina, mjulishe msaidizi afute chake na akuthibitishie, kisha mpigie mama umwambie kwamba imekwisha. Katika sura ya mbinu andika kwamba walihojiwa wanawake 15, mmoja akajitoa, na uchambuzi umetumia masimulizi ya 14.